Somo: Pointi zako za Kidato cha Sita hazijafika 4? Njia ya OFP

Wengi huandika hapa "nimefeli" kumbe hawajafeli, wamepungukiwa tu. OFP ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huitambua kama njia ya kuingilia digrii.

Hatua ya kwanza, piga hesabu. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5. Kuingia digrii moja kwa moja unahitaji prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. GS haihesabiwi, hata ukipata A. Chukua binti wa HGK aliyenijia na Historia D, Kiswahili E, Jiografia S. Masomo yake mawili bora ni 2 + 1, yaani 3. Digrii hapati, lakini OFP inadai pointi 1.5 tu kwa masomo mawili, kwa hiyo mlango uko wazi.

Hatua ya pili, chagua mkondo: sanaa, sayansi au biashara. Usichague ulio mwepesi. Anza na digrii unayoitaka, fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huo, ule wa wenye diploma na sifa linganishi, usome kozi hiyo inataka nini, ndipo urudi kwenye mkondo.

Hatua ya tatu ndiyo inayoangusha watu. Masharti ya kuingia digrii kwa OFP ni mawili, na yote lazima yatimie: GPA ya 3.0 kwenye masomo sita ya lazima, na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wako. Yule binti alikuja tena na transkripti, anafurahi, GPA 3.4. Nikashusha kidole hadi masomo ya mkondo: C, B, D. Ile D moja ilitosha kumzuia, na ile 3.4 haikuweza kuifidia. Kwa hiyo masomo ya mkondo yasomee kwanza.

MASWALI

"Kaka, mimi nina cheti cha Kidato cha Nne tu. Naweza kuingia OFP?"
Hapana, dada. Cha Nne peke yake hakitoshi. Anzia astashahada, ukifika NTA ngazi ya 5 OFP inakupokea. Ila ukishafika hapo, mimi ningekushauri umalizie diploma. Ukiwa na GPA 3.0 na D nne za Kidato cha Nne, unaomba digrii bila kupitia OFP.

"Diploma yangu ina GPA 2.6. Nirudie?"
Usirudie. OFP inapokea diploma kuanzia 2.0.

"Nikimaliza OFP ni lazima nibaki Huria?"
Si lazima. Unaweza kuomba chuo kingine, mradi mwongozo wa TCU uitaje OFP kwenye sifa za kozi hiyo. Isipotajwa, usilipe ada ya maombi kabla hujauliza ofisi ya udahili ya chuo chenyewe.