SOMO: Kukaguliwa gari lililotumika na fundi asiye wa muuzaji

Anza na fundi. Usimchukue anayeletwa na muuzaji au dalali, wala gereji ambako gari hilo limekuwa likitengenezwa. Patana naye ujira usiobadilika, gari lifae au lisifae, na ulipe wewe. Mwambie mapema kuwa matengenezo hutampa yeye, kwa sababu anayenyemelea kazi anaweza kukuza ubovu. Muuzaji asijue ni nani mpaka mfike.

Hatua ya 1: injini iwe baridi. Shika boneti kabla ya lolote. Mteja wangu mmoja alinipeleka kwenye gari, tukakuta boneti ina joto. Muuzaji akadai alilisogeza tu. Tukarudi kesho yake alfajiri. Lilipowashwa, moshi wa bluu ulitoka kidogo kisha ukakata. Hizo ni sili za valvu zilizochoka: oili huchuruzika usiku kwenye silinda na kuungua asubuhi. Injini ikishapata moto huoni kitu.

Hatua ya 2: kompyuta ya gari. Kwenye gari lile lile, mashine ya kusomea makosa haikuonyesha kosa lolote, na wengi huishia hapo. Mimi hufungua ukurasa wa `I/M Readiness`, unaoonyesha kama gari limemaliza vipimo linavyojifanyia lenyewe. Vipimo vinne vilikuwa havijakamilika, maana yake kumbukumbu ilifutwa karibuni au betri ilichomolewa. Muuzaji akasema alibadilisha betri. Inawezekana, kwa hiyo hatukubishana. Tukamwomba aendelee kulitumia. Siku ya nne tulipopima tena, `P0420` ilikuwa imejitokeza: kisafishaji cha moshi kwenye ekzosti hakifanyi kazi yake. Oili inayoungua kwa muda mrefu hukiharibu, kwa hiyo ule moshi na kosa hili vilikuwa hadithi moja. Mteja akaliacha.

Hatua ya 3: chini ya gari na barabarani. Linyanyuliwe, mtazame kutu, uvujaji na alama za kuchomelea kwenye chesisi. Kisha liendeshwe angalau nusu saa, kwa mwendo wa taratibu na wa kasi, maana giaboksi nyingine husumbua zikishapata moto.

MASWALI

Swali: Muuzaji akikataa fundi wangu?
Jibu: Mpe nafasi ya kuchagua siku na mahali, lakini fundi abaki wako. Akikataa hilo pia, liache gari.

Swali: Nitajuaje kama fundi ameshapewa kitu pembeni?
Jibu: Kaa naye mwanzo hadi mwisho, na udai ripoti ya maandishi yenye picha na namba ya chesisi. Aliyenunuliwa hukwepa kuandika. Atakwambia tu "gari liko vizuri". Ukiona hivyo, tafuta fundi wa pili.

Swali: Nina kile kifaa kidogo cha kuunganisha na simu. Kinatosha?
Jibu: Kwa `I/M Readiness`, ndiyo, vingi vinaisoma. Ila vingi vyao husoma injini peke yake. Makosa ya breki za ABS na mifuko ya hewa hayaonekani. Na hakuna kifaa kinachoona moshi wa alfajiri, shemeji, hapo ni macho yako.