Umeingia upande usio wako kwenye barabara ya njia nyingi: ufanye nini

Tuchukue mfano wa Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, usiku. Umetoka kituo cha mafuta, ukakata kulia badala ya kushoto. Dalili ya kwanza ni kwamba ukuta wa katikati, ambao siku zote huwa kuliani kwako, sasa uko kushoto. Pili, alama za barabarani zinakuonyesha migongo yake.

Hatua ya kwanza ni kupunguza mwendo na kuwasha taa za hazadi, pamoja na taa kubwa zikiwa zimeshushwa, kwa sababu mwanga mkali humpofusha yule unayetaka akuone.

Hatua ya pili ndiyo inayokosewa zaidi. Dereva wa kwetu amezoea kushika kushoto, na hapa kushoto humpeleka kando ya ukuta, yaani kwenye njia ya wanaopita wenzao kwa kasi. Mkikutana kila mmoja akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, mita 200 zinamalizika kwa sekunde nne na nusu tu. Kwa hiyo, njia ikiwa nyeupe, sogea kulia hadi ukingo wa nje, utoke kabisa kwenye lami, kisha usimame.

Hatua ya tatu: shukeni nyote kwa milango ya kulia, iliyo mbali na magari, mkae mbali na barabara, nyuma ya kizuizi kama kipo, ndipo upige 112. Taja uelekeo wa magari unayoyaona na kituo au daraja lililo karibu. Gari ligeuzwe baada ya polisi kuyasimamisha magari mengine, si kabla.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, nisirudi kinyumenyume hadi nilikoingilia?
Jibu: Ikiwa umetoka mita chache tu, mlango wa kituo unauona na hakuna taa zinazokuja, rudi taratibu. Ukishaupita, usijaribu, kwani gari linalorudi nyuma huyumba na wewe huwezi kutazama pande mbili.

Swali: Nimeshabanwa kando ya ukuta na malori yanapita kuliani. Nivuke?
Jibu: Usivuke. Simama ukiwa umeubana ukuta, acha taa zote zikiwaka, piga simu. Kama kuna nafasi salama ng'ambo ya ukuta, ruka huko; isipokuwepo, baki ndani ukiwa umefunga mkanda.

Swali: Na kwenye mtaa wa mjini wa mwelekeo mmoja?
Jibu: Huko mwendo ni mdogo. Simama pembeni na hazadi, ingia kwenye uchochoro au maegesho ya kwanza, ugeuzie humo. Kusonga mbele "kwa sababu mwisho uko karibu" ndiko kunakowagonganisha watu na bodaboda, wanaochomoza kwenye kona bila kumtarajia mtu upande huo. Kumbuka pia kwamba mtembea kwa miguu anayevuka mtaa huo hutazama upande mmoja tu, nao si ule unaotokea wewe.