Jinsi ya kumteua mwakilishi wa usalama na afya kazini, na kazi inayobaki kwa mwajiri baada ya barua

Waajiri wengi hukumbuka habari ya mwakilishi wa usalama na afya siku mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, anapofungua faili na kuuliza barua yake ya uteuzi iko wapi. Usajili wa eneo la kazi umeshakamilika kwenye mfumo, namba ya mlipakodi imo, idadi ya wafanyakazi imo. Barua haimo. Basi anaitwa karani, barua inachapwa papo hapo, tarehe inarudishwa nyuma miezi sita, na mkaguzi anakabidhiwa karatasi ambayo wino wa muhuri bado unapaka vidole. Wakaguzi wamezoea harufu ya wino huo.

Hatua za usajili tunaziruka, kwa kuwa fomu zake zinajieleza. Hapa tunashika uteuzi wenyewe, kwa sababu ndipo wajibu wa watu watatu unapochanganyikana: mwajiri, mfanyakazi na mwakilishi. Mfano tutakaoufuata ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, aina ya vile vilivyopo Kizota hapa Dodoma: mashine mbili za kukamua, stoo ya mbegu, stoo ya mashudu, na zamu mbili wakati wa msimu.

Anza kwa kuhesabu vichwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne kumteua mwakilishi kwa maandishi. Maana yake ukifika wa tano, umeingia. Kosa la kawaida ni kuhesabu wenye mikataba tu. Mwenye kiwanda atasema ana watu wanne: fundi, waendesha mashine wawili na karani. Wapakiaji wa magunia sita na mlinzi hawataji, eti ni vibarua. Siku ya ukaguzi hao vibarua hugeuka wajomba waliokuja kusalimia, lakini wamebeba gunia begani. Anayefanya kazi kwa maelekezo yako na kulipwa na wewe mhesabu. Kiwanda chetu, kikihesabiwa kwa haki, kina watu kumi na mmoja.

Kinachofuata ni kumpata mtu. Mwajiri anakaa na wafanyakazi, au na tawi la chama chao kama lipo, mnakubaliana namna ya kumchagua. Kura ya kunyoosha mikono inatosha mradi iandikwe: tarehe, waliokuwepo, aliyechaguliwa, saini. Karatasi hiyo moja itakuokoa baadaye mtu akidai mwakilishi ni mpwa wa bosi.

Usimchague karani kwa sababu tu ana mwandiko mzuri. Mwakilishi awe mtu anayeijua sakafu ya kiwanda, anayejua mashine namba mbili hutetemeka mbegu zikiwa na unyevu na kwamba rundo la magunia la upande wa mlangoni limeinama. Meneja naye hafai, kwa kuwa taarifa za mwakilishi zinakwenda kwa meneja. Mtu hawezi kujiandikia barua na kujijibu. Na tazama zamu. Mwakilishi wa mchana haoni kinachofanyika saa nane usiku, na usiku ndiko njia za mkato huzaliwa. Kiwanda chetu, hata kama mmoja angetosha kwa hesabu ya vichwa, kiteue wawili.

Sasa barua. Hapa ndipo faili nyingi hukwama, na si kwa sababu ni ngumu. Watu huandika mstari mmoja, "umeteuliwa kuwa mwakilishi wa usalama," wanapiga muhuri, basi. Barua ya namna hiyo haisemi mtu huyu anasimamia wapi, hadi lini, wala anaruhusiwa kufanya nini. Barua inayosimama ina jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, eneo analosimamia, zamu yake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na majukumu yaliyotajwa moja moja. Kwa kiwanda chetu sehemu ya majukumu inaweza kusomeka hivi:

"Utakagua chumba cha mashine, stoo ya mbegu na stoo ya mashudu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na wakati wowote palipotokea ajali. Utapokea malalamiko ya wafanyakazi kuhusu usalama na afya. Utaniandikia kila hatari utakayoiona, nami nitakujibu kwa maandishi. Utashiriki katika uchunguzi wa ajali na utamsindikiza mkaguzi anapotembelea kiwanda. Kazi hizi utazifanya ndani ya saa za kazi bila kukatwa malipo."

Mwajiri anasaini, mwakilishi anasaini kuwa amekubali, nakala moja inabaki kwake na nyingine inabandikwa ukutani. Waliochagua na wasiochagua wote wajue wamwendee nani.

Tafadhali soma tena majukumu hayo utazame neno ambalo halimo. Hakuna mahali palipoandikwa "utahakikisha usalama." Waajiri hupenda sana kuliingiza, wakidhani kwa barua hiyo wameuhamisha mzigo. Hauhami. Kuweka mashine salama, kutathmini vihatarishi, kununua vifaa kinga, kufundisha watu na kuwapima afya wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka, vyote vinabaki kwa mwajiri. Mwakilishi anaona, anauliza, anaandika na kufuatilia. Hana bajeti wala ufunguo wa stoo ya vipuri, kwa hiyo hawezi kubeba lawama ya kipuri kisichonunuliwa.

Mafunzo ya mwakilishi yanatolewa na OSHA, na gharama ni ya mwajiri. Mkishatumiwa kumbukumbu namba ya malipo, lipeni mapema na mtunze risiti kwenye faili la mafunzo, maana risiti ya simu hupotea na simu. Jina kwenye fomu ya mafunzo lifanane herufi kwa herufi na jina kwenye barua. Cheti cha "Emanuel" na barua ya "Emmanuel" vitaleta maelezo marefu yasiyo na sababu. Na kabla ya kumpeleka mtu, tazama mkataba wake unaisha lini. Cheti humfuata aliyesoma. Ukimpeleka anayeondoka msimu ukiisha, umemsomeshea jirani yako.

Barua na cheti vikishakuwa ndani ya faili, wengi hupumua. Lakini mkaguzi mzuri hapo ndipo anapouliza daftari. Kaunta buku la kawaida linatosha. Tuchukue hitilafu moja iliyozoeleka kwenye viwanda vya alizeti tuone inavyopita kwa watu watatu.

Mashine ya kukamua inaendeshwa na mota kupitia mikanda mitatu, na mikanda hufunikwa na kava la chuma lenye boliti nne. Mbegu zikiingia na unyevu, mashine huelemewa, mikanda huteleza na kunuka mpira ulioungua. Fundi anafungua kava, anakaza mikanda, anawasha. Kesho inateleza tena. Baada ya mara ya nne anachoka, kava linaegeshwa ukutani. Utajua limekaa hapo siku nyingi ukiona matundu ya boliti yamejaa vumbi lililoshikana na mafuta. Hatari iko pale mkanda unapoingia kwenye puli: hapo panavuta mkono wa shati, ncha ya kanga au ufagio wa anayefagia mashudu, na panavuta haraka kuliko mtu anavyoweza kuachia.

Mfanyakazi ana wajibu wa kisheria hapa. Hatakiwi kuondoa kinga ya mashine, na akiona imeondolewa anatakiwa kutoa taarifa kwa msimamizi au kwa mwakilishi. "Nilidhani bosi anajua" si utetezi. Anatakiwa pia kutumia vifaa kinga alivyopewa kama alivyofundishwa. Ila tahadhari moja: glavu pana za kitambaa karibu na mikanda inayozunguka ni hatari yenyewe, kwa kuwa hunaswa na kuvuta mkono. Mwajiri anayegawa glavu kwa kila mtu, saini kwenye fomu na picha ya kumbukumbu, bila kutazama nani anasimama wapi, amenunua hatari kwa fedha yake.

Mwakilishi anaandika. Maandishi yenyewe ni mafupi: "Tarehe 12 Juni, saa 2:40 asubuhi. Mashine namba 2, kava la mikanda halipo upande wa mota. Mikanda yote inazunguka wazi. Anayefagia mashudu hupita hatua moja kutoka hapo. Naomba mashine izimwe hadi kava lirudi. Nakala nimempa meneja saa 3:00." Tarehe, saa, mahali, kilichoonekana, nani yuko hatarini, kinachoombwa, aliyepokea. Ukiandika "mashine si salama" umeandika maoni, na maoni hayamlazimishi mtu kujibu.

Jibu la mwajiri ndilo hupungua. Meneja anaandika "nimeona" na kusaini, akidhani amejilinda. Amefanya kinyume: sasa kuna ushahidi wa saini yake kwamba aliijua hatari na akaiacha izunguke. Jibu linalofaa lina kitendo, mtu na tarehe. Leo: mashine izimwe, swichi kuu ifungwe kwa kufuli, ufunguo akae nao fundi anayefanya kazi hiyo, na asishike kitu hadi puli isimame kabisa. Leo hiyo hiyo: boliti mbili zilizopotea zinunuliwe, kava lirudi. Ndani ya wiki: mikanda yote mitatu ibadilishwe pamoja, kwa sababu mpya mmoja ukichanganywa na miwili iliyolegea hubeba mzigo peke yake na kukatika, na kava liwekewe bawaba upande mmoja ili fundi asione shida kulifunga. Hapo umeondoa sababu iliyomfanya alivue. Kumpa onyo la maandishi bila kugusa mikanda ni kusubiri kava livuliwe na fundi mwingine.

Kimya kikizidi tarehe iliyoandikwa, mwakilishi anaandika mara ya pili akirejea taarifa ya kwanza, kisha anaweza kulipeleka suala kwa mkaguzi. Mkaguzi ana uwezo wa kutoa hati ya kutaka marekebisho ndani ya muda, au kuzuia mashine isitumike kabisa. Katikati ya msimu, mashine iliyozuiwa ni ghali kuliko boliti mbili.

Ajali ikitokea licha ya hayo yote, mwajiri ana taarifa mbili za kutoa, na watu huzichanganya kila siku. OSHA inaarifiwa kwa ajili ya uchunguzi na usalama. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaarifiwa kwa ajili ya fidia, na huko ni ndani ya siku saba tangu mwajiri apate habari. Kuarifu kwa mmoja hakuhesabiki kwa mwingine. Ukishamwokoa aliyeumia, mahali pa ajali pasisafishwe kabla ya kukaguliwa, hata kama mashudu yamemwagika njiani, na mwakilishi awepo maelezo yanapochukuliwa.

Mwakilishi akiacha kazi au muda wake ukiisha, andika barua mpya wiki hiyo hiyo, lakini usianze daftari jipya. La zamani linakabidhiwa kwa anayefuata, kurasa zote, pamoja na zile zenye "nimeona."