Namna ya kujitambulisha unapofika Ujerumani kujitolea katika chekechea

Mpango wa weltwärts ulianza mwaka 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nchi za nje, na tangu 2013 vijana wa nchi nyingine, wakiwemo Watanzania, nao huenda Ujerumani kujitolea. Mimi nilipangiwa chekechea kwa miezi 12, na sasa huwa nawaandaa wanaoondoka. Mwongozo huu unahusu siku chache za mwanzo, pale unapokutana na watu wanaokusubiri lakini ambao hawakujui. Wanachokuwa nacho kwa kawaida ni fomu uliyoijaza miezi mingi kabla, wakati Kijerumani chako kilikuwa cha salamu tu, pamoja na jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Tena fomu hiyo imesomwa na mkuu wa chekechea. Walezi utakaoshinda nao darasani huenda hawajaiona kabisa.

Hatua ya 1: Amua jina kabla ya kupanda ndege. Pasipoti zetu nyingi zina jina lako, la baba na la babu. Mjerumani huchukua la mwisho kuwa ndilo jina la ukoo, kwa hiyo utakuta barua, kitambulisho cha bima na kibandiko cha kabati lako vyote vina jina la babu. Kwenye karatasi za serikali liache hivyo hivyo, kwa maana lazima zifanane na pasipoti. Kwa mdomo, lakini, sema tangu dakika ya kwanza jina unalotaka kuitwa, ulitamke polepole mara mbili, na uwe na kijikaratasi chenye jina hilo kwa herufi kubwa. Binti mmoja niliyemwandaa aliona haya kusahihisha, akaitwa jina la babu yake mpaka mwezi wa tatu, na alipokuja kusema, wenyeji ndio walioona aibu zaidi.

Hatua ya 2: Familia mwenyeji. Watakupokea kwa kukupa mkono huku wakikutazama usoni. Sisi tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na pale macho yaliyoinama husomwa kuwa hofu au kutopenda. Mtazame mtu kwa muda wa kutaja jina lako, inatosha. Mama mwenyeji akikwambia umwite kwa jina lake tupu, mwite hivyo, hata kama ana umri wa mama yako na ulimi unakuwa mzito. Nilijaribu kumwita “Mama” kwa heshima, akacheka kwa upole, akaniambia kwamba anao watoto wawili tayari.

Mambo ya chakula yaseme jioni hiyo hiyo, kabla hawajakupikia. Usiseme “nakula chochote” kwa adabu ikiwa si kweli. Kama huli nguruwe, taja pia soseji na peremende laini za kutafuna, kwa sababu nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe na mwenyeji asiye Mwislamu hatafikiria hilo mwenyewe.

Hatua ya 3: Kikao cha wafanyakazi. Hapa ndipo penye uzito. Utapewa nafasi ya dakika mbili hivi, na desturi yetu itakusukuma uanze na mkoa, kabila, idadi ya ndugu, salamu kutoka nyumbani na shukrani ndefu. Hakuna ubaya ndani yake, ila walezi wanaokusikiliza wanajiuliza maswali mengine ambayo wanaona vibaya kukuuliza: tukuite nani, unaelewa Kijerumani kiasi gani, umewahi kukaa na watoto, na utakuwa nasi mpaka lini. Jibu hayo manne kwanza. Shukrani ziwe sentensi moja mwishoni.

Swali la lugha ndilo lililoniangusha. Nilisema nimesoma Kijerumani kiwango cha A2, ambayo ilikuwa kweli, kisha kila nilipoambiwa jambo nikaitikia “ndiyo”, kwa maana kwetu kumkatiza anayekuelekeza ni utovu wa adabu. Siku ya pili mlezi aliniambia kitu kuhusu mtoto mmoja, nikaitikia. Wakati wa kunywa uji wa asubuhi nikammiminia mtoto yule maziwa. Mlezi alivuka chumba kwa hatua tatu akaninyang’anya kikombe: mtoto alikuwa na mzio wa maziwa, na ndicho nilichokuwa nimeambiwa. Kwa wiki tatu zilizofuata niliosha vyombo na kufagia, wala sikuweza kuwalaumu.

Kwa hiyo, usitaje kiwango peke yake. Eleza kinavyofanya kazi: “Naelewa mtu mmoja akizungumza nami polepole, watu wengi wakizungumza pamoja, sielewi. Nikiambiwa jambo la afya ya mtoto, naomba niliandike.” Sentensi hizi zikariri kwa Kijerumani ukiwa bado Tanzania, halafu zitekeleze: baada ya kila agizo, lirudie kwa maneno yako, na kijidaftari kikae mfukoni. Mwenyeji akianza kukutuma kazi za mikono tu bila maelezo, mara nyingi ni dalili kwamba ameacha kuamini “ndiyo” yako.

Kuhusu namna ya kumwita mtu, Kijerumani kina “wewe” mbili, ya karibu na ya heshima. Walezi wenzako kwa kawaida watakupa ile ya karibu, lakini subiri waitoe wao. Kwa wazazi wa watoto anza na ile ya heshima pamoja na jina la ukoo.

Hatua ya 4: Karatasi ya mlangoni. Chekechea nyingi hubandika karatasi yenye picha ya mfanyakazi mpya, wenyewe huiita *Steckbrief*, ili wazazi wajue ni nani anayemshika mtoto wao mkono. Wataisoma wakiwa wamesimama, kiatu cha mtoto mkononi, basi isizidi nusu ukurasa wa A4. Weka picha ya uso unaoonekana vizuri, jina la kuitwa, umri, mji na nchi (andika Tanzania, usiishie kwenye “Afrika”), lugha zako, kundi la watoto utakalokuwa nalo, na tarehe za kuanza na kumaliza. Ongeza jambo moja tu ambalo utalifanya na watoto. Yule binti aliandika mwanzoni “napenda watoto na kujifunza utamaduni mpya”. Hakuna mzazi aliyemuuliza lolote. Tukaibadilisha ikawa: “Nimewalea wadogo zangu watatu. Siku za Jumatano nitawafundisha watoto kucheza rede uwanjani.” Wiki hiyo hiyo mama mmoja alisimama mlangoni kuuliza rede inachezwaje, na mazungumzo yao ya kwanza yakaanzia hapo. Mpe mlezi asahihishe Kijerumani kabla ya kubandika.

Hatua ya 5: Watoto. Asubuhi hukaa duara, na wana umri wa miaka 3 hadi 6, kwa hiyo hotuba haina kazi. Taja jina lako, lipigie makofi kwa silabi, nao walirudie. Wapo watakaogusa nywele zako au kuuliza kama rangi yako hutoka kwa sabuni. Mjibu anayeuliza kwa ufupi na bila kununa, na kama hutaki kuguswa kichwani, sema hivyo waziwazi, kwani watoto wa pale hufundishwa kuheshimu neno “sitaki”.

Baada ya miezi mitatu rudi kwenye karatasi ya mlangoni ubadilishe mstari wa lugha. Wangu ulikuwa umeandikwa “Kijerumani kidogo”, na mlezi yule wa kikombe cha maziwa ndiye aliyelifuta neno “kidogo” kwa kalamu yake.