Barua pepe imerudi: jinsi ya kusoma taarifa ya kushindwa kufika na nambari zake

Barua pepe inaporudi, wengi katika ofisi ninazohudumia hapa Nakuru huifunga taarifa bila kuisoma, kwa kuwa imejaa Kiingereza cha mashine, kisha huituma barua ileile upya. Taarifa hiyo huwa imeandikwa na programu ya seva, ambayo mara nyingi hujiita `MAILER-DAEMON`, kwa hivyo hakuna faida ya kuijibu. Faida imo katika mistari michache iliyo chini yake, ambayo hueleza ni seva gani iliyokataa barua na kwa sababu gani.

Mfano nitakaoutumia unatoka katika chama cha ushirika cha maziwa. Mwisho wa mwezi karani alituma taarifa za malipo kwa wanachama, na zote zilizokwenda kwenye anwani za Gmail zikarudi, ilhali zilizokwenda kwenye anwani za ofisi nyingine zilipokelewa. Majina na anwani nimezibadilisha.

Hatua ya 1: Tafuta sehemu ya kiufundi

Fungua taarifa na ushuke hadi chini, au ufungue kiambatisho chake kama kipo. Katika Gmail, bofya nukta tatu zilizo kando ya ujumbe, kisha uchague `Show original`. Utafute mistari ya namna hii:

```
Reporting-MTA: dns; seva2.mtoaji.example
Final-Recipient: rfc822; m****@gmail.com
Action: failed
Status: 5.7.26
Remote-MTA: dns; gmail-smtp-in.l.google.com
```

`Reporting-MTA` ni seva iliyoandika taarifa, na kwa kawaida ni ile ya upande wako. `Remote-MTA` ni seva ya upande wa pili, ambayo ndiyo iliyokataa. Mstari huu wa pili usipokuwepo, mara nyingi barua haikutoka kabisa katika seva yako, pengine kwa sababu kikoa kilichoandikwa baada ya alama ya `@` hakipo. Mtu akiandika `gmail.con`, kwa mfano, seva yake haitapata mahali pa kuipeleka barua.

Hatua ya 2: Soma tarakimu ya kwanza kabla ya nyingine

Nambari iliyo kwenye mstari wa `Status` ina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta. Sehemu ya kwanza ikiwa 4, tatizo ni la muda, na seva yako itaendelea kujaribu yenyewe, mara nyingi kwa siku 4 au 5, kabla ya kukata tamaa. Katika hali hiyo mstari wa `Action` husema `delayed`. Usitume barua tena wakati huo, kwa sababu njia ikifunguka mpokeaji atapata nakala mbili, na kama ni ankara, huenda akadhani anadaiwa mara mbili. Sehemu ya kwanza ikiwa 5, uamuzi ni wa mwisho: barua haitajaribiwa tena mpaka mtu arekebishe jambo fulani na kuituma upya.

Kuna nambari nyingine yenye tarakimu tatu, kama vile 550, inayoonekana kwenye mstari wa `Diagnostic-Code`. Hilo ni jibu la jumla la seva, na tarakimu yake ya kwanza hufuata kanuni hiyohiyo. Ile yenye nukta hueleza zaidi, kwa hiyo anza na hiyo.

Hatua ya 3: Sehemu ya pili huonyesha mahali penye tatizo

1 ni anwani, 2 ni kisanduku cha mpokeaji, 4 ni mtandao na njia ya kufikia seva, na 7 ni usalama na kanuni za mpokeaji. Nyingine zipo, lakini hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi. Hivyo 5.1.1 maana yake anwani hiyo haipo, na dawa yake ni kumpigia mpokeaji simu akusomee anwani yake herufi kwa herufi. 5.2.2 ni kisanduku kilichojaa, na hapo mwenye kazi ni mpokeaji, si wewe. 4.4.1 ni seva ya mpokeaji kutojibu.

Familia ya 7 ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa sababu anwani ni sahihi na kisanduku kina nafasi, lakini seva ya mpokeaji haikubali mtumaji. Hapa kusahihisha anwani hakusaidii kitu.

Hatua ya 4: Soma maelezo yanayofuata nambari

Taarifa ya chama ilikuwa na maneno haya, ambayo nimeyafupisha:

```
550-5.7.26 Your email has been blocked because the
sender is unauthenticated. ...
SPF [maziwa.example] with ip: [198.51.100.25] = did not pass
```

Gmail inasema haikuweza kuthibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa. Tangu Februari 2024 inawataka watumaji wote wawe na uthibitisho wa SPF au DKIM. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako, na DKIM ni sahihi ya kidijitali ambayo seva hutia kwenye kila barua. Seva nyingine hazishikilii jambo hili kwa ukali huo, na ndiyo sababu anwani za ofisi zilipokea.

Jambo la kuchukua hapa ni anwani ya IP, yaani nambari inayoitambulisha seva iliyotuma: 198.51.100.25. Ilinganishe na orodha ya SPF kwa amri hii, inayofanya kazi kwenye Windows na Linux:

```
nslookup -type=txt maziwa.example
```

Jibu lilikuwa hili:

```
"v=spf1 ip4:192.0.2.10 -all"
```

Chama kilikuwa kimehamisha barua zake kwa mtoa huduma mwingine, lakini orodha bado iliitaja seva ya zamani peke yake. Sehemu ya `-all` inasema seva nyingine yoyote ikataliwe, kwa hiyo Gmail ilitii agizo la chama chenyewe.

Hatua ya 5: Rekebisha, kisha upime

Ingia mahali kikoa kinaposimamiwa, kwenye rekodi za DNS ambako orodha ya SPF huhifadhiwa, uibadilishe rekodi hiyo:

```
v=spf1 ip4:198.51.100.25 -all
```

Usiongeze rekodi ya pili ya SPF kando ya ile ya kwanza. Kikoa kinaruhusiwa kuwa na moja tu, na zikiwa mbili ukaguzi hushindwa hata kama mojawapo ni sahihi. Nimeliona kosa hili mara nyingi kwa watu wanaofuata maelekezo ya haraka. Mwombe pia mtoa huduma akuwashie DKIM, kwa kuwa SPF huvunjika barua inapopelekwa mbele kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, ilhali sahihi ya DKIM kwa kawaida hubaki.

Badiliko la DNS huchukua muda kuenea, kulingana na muda uliowekwa kwenye rekodi yenyewe. Ikiwa ni 3600, hizo ni sekunde, yaani saa moja. Baada ya hapo tuma barua moja kwa anwani yako mwenyewe ya Gmail, ufungue `Show original`, na uangalie kama mstari wa SPF unasema `PASS`. Mstari huo ukisema hivyo, tuma upya zile zilizorudi, kwa sababu zenye nambari ya 5 haziendi zenyewe.

Ikiwa baadhi bado zinarudi na 5.7.26, soma anwani ya IP iliyo kwenye taarifa mpya badala ya kurudia marekebisho yaleyale. Mara nyingi utakuta ni tofauti na ya kwanza, kwa sababu programu ya uhasibu au fomu ya tovuti hutuma barua kwa jina la kikoa hichohicho kupitia seva nyingine, nayo pia inapaswa kuongezwa ndani ya rekodi ileile moja.