DSG ya gia sita: usiamini "oili ya maisha"

Kauli kwamba oili ya DSG, giaboksi ya otomatiki ya klachi mbili ya Volkswagen, ni ya maisha na haibadilishwi inahusu zaidi ile ya gia saba yenye klachi kavu, DQ200. DQ250 ya gia sita klachi zake zinaogelea kwenye oili ileile inayoendesha vali za mekatroniki, kitengo kinachodhibiti giaboksi. Unga wa klachi ukizidi, gari hutetemeka likianza kuondoka. Badilisha oili kila kilomita 60,000 pamoja na filta, kwa oili ya kiwango cha G 052 182. ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, haifai. Huingia kama lita 5.2, lakini usitegemee kipimo hicho: pima injini ikiwaka, oili ikiwa nyuzi 35 hadi 45, mpaka ya ziada idondoke kwenye tundu la chini.