Breka juu, fyuzi chini: jinsi ya kuzuia jengo zima lisizimike kwa shoti ya chumba kimoja

Niliitwa kwenye jengo la ofisi ambalo breka kuu ilikuwa inatripu kila baada ya siku chache. Ndani ya DB kulikuwa na breka ya MCCB ya ampea 200, ya aina ya joto na sumaku, joto likishughulikia mzigo uliozidi na sumaku ikishughulikia shoti, na chini yake seti za fyuzi za gG za ampea 100 kwa kila ghorofa. Nikazima, nikapima fyuzi zote kwa multimita: nzima, hata moja haijaungua. Hilo peke yake halithibitishi kilichotokea, maana mzigo uliozidi nao unaweza kuacha fyuzi nzima, lakini hapa jibu lilikuwa hili. Shoti ilikuwa ghorofani, fyuzi ndiyo iliyopaswa kukatika, lakini breka ilifika kwanza.

Fundi aliyelifunga DB lile alikuwa na hesabu yake: mia ni nusu ya mia mbili, basi fyuzi itatangulia. Hesabu hiyo ni sahihi nusu tu. Tuione hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anza na mzigo uliozidi

Fyuzi ya gG ya ampea 100 lazima iyeyuke ikipitisha ampea 160, lakini imeruhusiwa kuchukua hadi saa mbili. Breka ya ampea 200 haitakiwi kutripu kwenye 210, na lazima itripu ikifika 260, nayo ndani ya saa mbili. Ukiviweka viwili hivyo kwenye mchoro wa mkondo na muda, mstari wa fyuzi unakaa kushoto na mambo yanaonekana safi.

Wengi wanasahau kwamba fyuzi inaona ghorofa moja, breka inaona ghorofa zote. Ghorofa moja ikivuta 150 na nyingine kwa pamoja zikivuta 120 kwenye fezi hiyohiyo, breka inabeba karibu 270. Itatripu, na fyuzi ya 100 itabaki imetulia, kwa sababu 150 haijafika kiwango cha kuilazimisha iyeyuke. Hapo hakuna kifaa kibovu. Gawanya mizigo upya.

Hatua ya 2: Tafuta sumaku inaanzia wapi

Fungua kifuniko utazame nobu ya sumaku. Kwenye breka ile ilikuwa inaanzia 5 hadi 10, yaani mara tano hadi mara kumi ya ampea za breka, na mtu alikuwa ameiacha kwenye 5. Mara tano ni ampea 1000. Sasa toa asilimia 20, maana kiwango cha IEC 60947-2 kinairuhusu sumaku kupotoka kiasi hicho juu au chini. Kwa hiyo breka ile ingeweza kuruka kuanzia ampea 800.

Hatua ya 3: Iulize fyuzi muda wake hapohapo

Kwa kiwango cha IEC 60269, fyuzi ya gG ya ampea 100 inahakikishiwa kukatika ndani ya sekunde 0.1 mkondo ukifika ampea 1450. Shoti ya mwisho wa kebo ndefu ya ghorofani nilikadiria kuwa kama ampea 1200, basi fyuzi inaweza kuhitaji zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sumaku inahitaji milisekunde 10 hadi 20 tu kufyatua kufuli la breka, na kufuli likishafyatuka halirudi, hata mkondo ukikatika sekunde ileile. Ndiyo sababu fyuzi zilikuwa nzima.

Hatua ya 4: Pandisha nobu, kisha upime kilichobaki

Nikaizungusha kwa bisibisi hadi 10. Sasa sumaku ni ampea 2000, na ukitoa asilimia 20 inaanzia 1600. Shoti ya 1200 sasa inaachiwa fyuzi.

Usifunge kifuniko bado. Fyuzi hii inaweza kupitisha nishati hadi 86,000 A²s kabla ya kuyeyuka. Tafuta ni mkondo gani utaiyeyusha ndani ya milisekunde 10:

```
I = √(86000 / 0.01) ≈ 2930 A
```

Kati ya ampea 1600 na takriban 2930, breka bado inaweza kuiwahi fyuzi. Pengo limepungua, halijaisha.

Hatua ya 5: Ziba pengo

Ghorofa mbili zilikuwa hazivuki ampea 45, kwa hiyo nilizishusha kwenye fyuzi za 63. Hizo zinapitisha 27,000 A²s kwa kiwango cha juu kabisa, na hesabu ileile inatoa kama ampea 1640, karibu sawa kabisa na pale sumaku inapoanzia.

Ghorofa zinazohitaji 100 kweli zilidai breka yenye kitengo cha elektroniki kinachoweza kuchelewesha. Kiweke kwenye ampea 2000 na kucheleweshwa kwa sekunde 0.1. Usiiamini 0.1 iliyoandikwa kwenye nobu. Tafuta kwenye karatasi ya mtengenezaji muda ambao breka inaahidi kuvumilia bila kutripu. Nyingi zinaahidi milisekunde 80 tu. Kwa kupotoka kwa asilimia 10 ucheleweshaji unaanzia 1800, na hapo fyuzi ya 100 inakata kwa takriban milisekunde 65. Inapita, kwa nafasi finyu. Nobu ya kutripu papo hapo ipandishe kadiri inavyoruhusiwa, kwa kuwa ukomo wa hesabu hii ni hapo inapoanzia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwangu fyuzi iliungua na breka ikatripu pia. Nani alitangulia?*

Uwezekano mkubwa, karibu wakati mmoja. Kwenye shoti kubwa fyuzi inakata kabla ya nusu mzunguko kwisha, lakini kilele cha mkondo kilichopita kinatosha kuisukuma sumaku. Milisekunde zikishakuwa chache hivyo, mchoro wa mistari hausaidii tena. Tumia jedwali la mtengenezaji wa breka linaloitaja fyuzi yako kwa aina na ukubwa. Kama halipo, chukulia kwamba vyote viwili vitaondoka.

*Ukipandisha sumaku hadi mara kumi, si unapoteza kinga?*

Swali zuri, na ndilo la kujibu kabla ya kushika bisibisi. Baada ya fyuzi, mlinzi ni fyuzi. Breka inabaki na baa za shaba na waya zilizo kati yake na fyuzi. Chukua upande mbaya wa kupotoka: 2000 na asilimia 20 ni 2400. Kwa volti 230, sumaku itashika shoti ya kwenda ethi pale kwenye baa ikiwa ukinzani wa mzunguko mzima hauzidi:

```
Zs = 230 × 0.95 / 2400 ≈ 0.09 Ω
```

Pima kwenye DB lenyewe. Ukipata 0.15, usipandishe hadi hapo.

*Fezi moja imeungua. Nibadilishe fyuzi moja au zote tatu?*

Zote tatu, ndugu yangu, kama shoti ilihusisha zaidi ya fezi moja au hujui ilihusisha ngapi. Waya wa ndani wa zile mbili unaweza kuwa umeyeyuka kidogo bila kukatika; multimita itakuonyesha nzima, kisha itaungua siku nyingine kwa mzigo wa kawaida. Na ukikuta fundi aliyekutangulia aliweka ya 125 mahali pa 100, irudishe. Ya 125 inaweza kupitisha hadi 140,000 A²s, na pengo la hatua ya nne linafunguka upya hadi kama ampea 3740.